Rangi ya njano ilichelewa siku mbili: jinsi ninavyofuatilia leseni na mikataba kwenye Excel

Ninashughulikia nyaraka za kampuni ndogo ya usafirishaji hapa Morogoro. Nyaraka zenyewe ni bima za malori, leseni za LATRA, leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, mikataba ya madereva na mikataba ya pango. Zote nimeziweka kwenye shiti moja ya Excel, na kwa muda mrefu niliamini kanuni moja inatosha: waraka ukibakiza siku 90 kuisha, mstari wake ugeuke njano.

Mkataba wa pango wa stoo yetu ya pili ndio ulionifundisha. Ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni 2025, na tulishaamua kuihama stoo ile. Asubuhi ya tarehe 1 Aprili nilifungua faili, nikaona mstari wake umekuwa njano, nikaandika barua ya notisi siku ileile. Mwenye nyumba akanionyesha kifungu nilichokuwa nimekisoma mara moja tu, siku ya kusaini: asiyetaka kuendelea atoe notisi miezi mitatu kabla, la sivyo mkataba unajihuisha kwa mwaka mzima. Miezi mitatu kabla ya 30 Juni ni 30 Machi. Tulikuwa tumechelewa siku mbili, na pango la mwaka lilikuwa shilingi 4,200,000.

Kanuni yangu haikuwa na hitilafu. Ukihesabu siku 90 kurudi nyuma kutoka 30 Juni unafika 1 Aprili kamili. Kosa ni kwamba niliiambia Excel iangalie siku ya mkataba kuisha, wakati siku iliyonihusu mimi ni ile ya mwisho ya kuchukua hatua. Kwa bima ya gari siku hizo mbili ni kitu kimoja. Kwa mkataba wenye notisi zinaachana mbali.

Kwa hiyo shiti yangu sasa ina safu hizi, kuanzia A hadi G: Waraka, Mtoaji, Namba, Mwisho, Miezi ya notisi, Siku ya hatua, Mhusika. Safu ya Siku ya hatua sijazi kwa mkono. Kwenye seli F2 ninaandika fomula hii, kisha ninaivuta hadi chini:

```
=IF(ISNUMBER(D2),EDATE(D2,-E2),"")
```

`EDATE` hurudi nyuma kwa miezi ya kalenda, jinsi mikataba inavyoandikwa, badala ya kudhani kila mwezi una siku 30. Waraka usio na notisi unaachiwa E tupu, na Siku ya hatua inabaki kuwa siku ya kuisha. Mkataba wa stoo ungekuwa hivi tangu mwanzo, ungegeuka njano tarehe 30 Desemba 2024.

Sasa rangi. Usihangaike na kanuni iliyo tayari ya `A Date Occurring`, kwa sababu mbele inaishia mwezi ujao. Chagua eneo lote kuanzia A2 hadi G200, ukianzia kubofya A2, kisha nenda `Home`, `Conditional Formatting`, `New Rule`, halafu `Use a formula to determine which cells to format`. Kanuni ya njano ni hii:

```
=AND(ISNUMBER($F2),$F2>=TODAY(),$F2<=TODAY()+90)
```

Na nyekundu, kwa siku iliyokwisha pita:

```
=AND(ISNUMBER($F2),$F2<TODAY())
```

Alama ya dola iko mbele ya F tu, haipo mbele ya 2. Ndiyo inayofanya mstari mzima upakwe rangi huku kila mstari ukisoma tarehe yake wenyewe. Ukiona rangi imekaa mstari mmoja juu au chini ya ule uliotarajia, ujue ulianza kuchagua kwenye mstari tofauti na ule ulioutaja kwenye fomula. `ISNUMBER` nayo usiiache: seli tupu Excel huihesabu kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko leo, kwa hiyo mistari yote mitupu ya chini itakuwa nyekundu.

Mstari unaonitia wasiwasi zaidi ni ule usio na rangi yoyote. Mwezi uleule wa Aprili, dereva wetu mmoja alisimamishwa barabarani kwa bima iliyoisha tarehe 9, na kwenye shiti yangu mstari wa lori lile ulikuwa mweupe kabisa. Aliyejaza aliandika 09/04/2025 kwenye kompyuta ambayo bado ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Excel ikaelewa 4 Septemba, bila onyo lolote. Kwa kompyuta hiyohiyo, ukiandika 25/06/2025 mwezi wa 25 haupo, basi Excel inaiacha kama maandishi ya kawaida. Maandishi hayalinganishwi na `TODAY()` kama tarehe, kwa hiyo mstari huo hautapata njano wala nyekundu hata miaka ipite.

Tarehe zilizobaki maandishi ni rahisi kuzikamata. Kwa kawaida hujipanga kushoto mwa seli, wakati tarehe halisi hukaa kulia. Mimi nimeongeza kanuni ya tatu yenye rangi ya zambarau, inayowaka kila waraka wenye jina lakini usio na tarehe ya kweli:

```
=AND($A2<>"",NOT(ISNUMBER($D2)))
```

Kuzirekebisha, chagua seli hizo tu, nenda `Data`, `Text to Columns`, bonyeza `Next` mara mbili, chagua `Date` na `DMY`, kisha `Finish`. Zile zilizopinduka hakuna fomula itakayozigundua, maana 4 Septemba ni tarehe halali. Chagua safu ya D, bonyeza Ctrl+1, na kwenye `Custom` andika `dd mmmm yyyy` ili mwezi usomeke kwa jina. Halafu kaa na faili la karatasi zenyewe ulinganishe moja moja. Mimi ilinichukua mchana mmoja, na nilikuta nyingine tatu.

Orodha ya kuhuisha ninaiweka kwenye shiti ya pili, kwa sababu bosi hahitaji kuona mistari yote. Kama una Excel ya 2021 au Microsoft 365, fomula moja kwenye A2 inatosha, ikiwa shiti ya kwanza umeiita Nyaraka:

```
=SORT(FILTER(Nyaraka!A2:G200,
ISNUMBER(Nyaraka!F2:F200)*
(Nyaraka!F2:F200<=TODAY()+90)),6,1)
```

Ile 6 ni safu ya Siku ya hatua, na 1 inaanza na iliyo karibu zaidi, kwa hiyo zilizochelewa hukaa juu kabisa. Tarehe zitatokea kama namba, mfano 45756, mpaka uzipe muundo wa tarehe. Hiyo ni 9 Aprili 2025. Ukiona `#CALC!` maana yake hakuna waraka wowote ndani ya siku 90. Kwenye matoleo ya zamani, panga shiti yenyewe kwa safu ya F kila unapobadilisha kitu, ukihakikisha umechagua safu zote, la sivyo tarehe zitahama na kuacha majina yake nyuma.

Waraka ukihuishwa, ninabadilisha tarehe ya Mwisho kwenye mstari uleule, na tu baada ya kuushika waraka mpya mkononi. Risiti ya malipo bado si leseni. Ile ya zamani ninaihamishia shiti ya tatu, ili siku ya ukaguzi nionyeshe mfululizo wote. Na kwa kuwa faili hili haliwezi kunipigia simu, orodha inachapishwa kila Jumatatu na kubandikwa karibu na meza ya mpanga safari, ambaye ndiye anayeamua lori lipi litoke.