Usiikariri 9:3:3:1, izidishe

Mwaka wa kwanza chuoni, kwenye somo la jenetiki, niliikariri 9:3:3:1, uwiano wa watoto ukifuatilia sifa mbili kwa pamoja, kama namba ya simu. Slaidi ilikuwa na mraba wa vyumba 16 vilivyojaa herufi, mhadhiri akaupitia haraka haraka, nami nikanakili. Kwenye jaribio tukaulizwa uwiano wa watoto wa RrYy × Rryy. Nikaandika 9:3:3:1 kwa madaha. Nikala sifuri.

Slaidi yenyewe ilihusu njegere za Mendel. Umbo la mviringo (R) hulitawala lililosinyaa (r), na rangi ya njano (Y) huitawala ya kijani (y). RRYY ukiichavusha na rryy, watoto wote ni RrYy: mviringo, njano. Hao wakijichavusha wenyewe, ndipo uwiano wetu unapotokea.

Siku hizi nikimwelekeza mtu, namwambia afunike Y zote kwa kidole. Inabaki Rr × Rr, na hiyo haimshindi: robo tatu mviringo, robo imesinyaa. Halafu afunike R. Robo tatu njano, robo kijani. Sasa ondoa kidole. Katika zile robo tatu za mviringo, robo tatu yake ni njano, yaani 3/4 × 3/4 = 9/16. Mviringo za kijani ni 3/4 × 1/4 = 3/16, zilizosinyaa za njano vilevile 3/16, na zilizosinyaa za kijani 1/4 × 1/4 = 1/16. Tisa imetoka hapo, wala hukuchora chumba hata kimoja.

Ukipenda mraba, chunga gameti, yaani seli za uzazi unazoziandika pembeni mwake. Wengi huandika Rr pembeni kana kwamba ni gameti moja na Yy nyingine. Gameti hubeba herufi moja ya umbo na moja ya rangi: RY, Ry, rY au ry. Ukiona herufi ile ile mara mbili, futa uanze upya.

Mendel, katika makala yake ya 1866, alihesabu mbegu 556: 315 mviringo njano, 108 mviringo kijani, 101 zilizosinyaa njano na 32 zilizosinyaa kijani. Jumlisha njano peke yake: 416 dhidi ya kijani 140, karibu kabisa na 3:1. Hiyo 3:1 ilikuwa imejificha humo muda wote.

Na lile swali langu? Rr × Rr ni 3:1, Yy × yy ni 1:1. Zidisha, unapata 3:3:1:1.

Lakini kuzidisha kunakubalika pale tu ambapo kupata R hakubadilishi nafasi ya kupata Y. Jeni hizi mbili ziko kwenye kromosomu tofauti, kwa hiyo hakuna shida. Zingekaa jirani kwenye kromosomu moja, zingerithiwa pamoja mara nyingi, na michanganyiko ya wazazi ingezidi mno. Jambo hilo lilimkuta Punnett mwenyewe, aliyebuni ule mraba wa vyumba, alipohesabu rangi ya maua na umbo la chavua kwenye njegere za mapambo: 9:3:3:1 ilikataa kutokea.