Meseji ya usiku haiwafikii wateja wako? Angalia simu imelala wapi

Kuna dada ana duka la vitenge na kanga Songea, juzi kanitumia meseji ndefu. Anasema ameweka "Away message", ile meseji inayojibu yenyewe duka likiwa limefungwa, kwenye WhatsApp Business yake vizuri kabisa, lakini asubuhi akifungua simu anakuta wateja wameuliza bei usiku na hakuna hata mmoja aliyejibiwa. Mwingine kashaandika "basi nimepata kwingine". Nikamuuliza swali moja tu, simu ya duka usiku inalala wapi? Dukani, kwenye droo, imezimwa.

Hapo ndo penyewe. Hiyo meseji inatumwa kama simu yako iko hewani na ina intaneti. Ukizima simu, ukizima data au bando likiisha usiku, hakuna kinachoenda. Kujua ni rahisi, chukua simu ya mtu mwingine uitumie namba ya duka meseji usiku, ukiona tiki moja tu imebaki hapo ujue simu yako haijapokea kitu, sasa itajibu nini? Mi simu ya duka naenda nayo nyumbani, naiweka kwenye chaji data ikiwa imewashwa.

Kama tiki ni mbili na bado hakuna jibu, ingia "Business tools" kisha "Away message" uangalie sehemu ya "Recipients". Wengi wamechagua "Everyone not in address book", yani walio nje ya majina uliyosevu. Na sisi wa maduka tunasevu kila mteja ili aone stetasi zetu, kwa hiyo wateja wetu wazuri kabisa ndo wanaoachwa kimya! Weka "Everyone". Kwenye ratiba chagua "Outside of business hours", ila saa za kufungua na kufunga uwe umeshazijaza kwenye profaili maana inafuata hizo hizo.

Halafu maneno yenyewe jamani. "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde" saa tano ya usiku inamsaidia nini mtu? Yangu inasema hivi: "Habari, duka limefungwa, tunafungua saa 2 asubuhi. Bei zote ziko kwenye katalogi, bonyeza alama ya duka hapo juu. Ukipenda kitu tuandikie code yake na mji uliopo, asubuhi tunaanza na wewe." Mteja wa Korogwe akiuliza usiku anaingia mwenyewe, anachagua, anaandika "K14, Korogwe", na mi nikiamka nakuta oda, sio swali.

Lakini hiyo inafanya kazi kama katalogi ina bei. Nasema kwa uchungu kwa sababu kuna mtu alinichaji hela nzuri tu kunitengenezea profaili, na apu yenyewe ni ya bure, akaniwekea picha za kuokota mtandaoni bila bei hata moja, mpaka leo inaniuma. Nikafuta zote nikapiga picha zangu mwenyewe mlangoni asubuhi kwenye mwanga. Kila bidhaa ina jina ambalo mteja mwenyewe anatumia ("Kanga doti, nyekundu na nyeusi"), bei, na code ambayo nimeiandika pia kwenye karatasi ya mzigo pale rafuni. Code ndo inaniokoa, maana kanga za rangi moja ziko nyingi na mteja akisema "ile nyekundu" mtabishana mpaka jioni. Doti likiisha naificha bidhaa siku hiyo hiyo, mzigo ukirudi naifungua tena. Acheni "bei njoo inbox", mtu ameshakuja inbox, unamficha nini tena?

"Quick replies" nazo watu wanadhani zinajitumia zenyewe. Hapana, hizo unazituma wewe, unaandika mkwaju na neno fupi, unachagua, inakuja meseji nzima. Unaweza kuweka mpaka 50, mi natumia tatu tu:

```
/lipa
/basi
/mzigo
```

Ya kwanza ina lipa namba na jina litakalotokea mteja akilipa, jina usilisahau kabisa maana mteja wa mbali akiona jina asilolijua anaghairi hapo hapo. Ya pili inaeleza mzigo unatumwa kwa basi gani, unatoka saa ngapi na nauli yake analipa nani. Ya tatu naituma mzigo ukishapakiwa, naacha nafasi ya namba ya risiti najaza mwenyewe kabla ya kutuma. Nauli ikipanda nabadilisha /basi siku hiyo hiyo, maana ukituma nauli ya zamani tofauti utaitoa mfukoni kwako.

Dada wa Songea, we anza na simu leo, itoe kwenye droo. Ukishahakikisha jibu linafika kwa simu ya jirani usiku, ndo uhangaike na picha.