Madogo wa ofisini, futuro ya Kitaliano haimaanishi kesho kila mara

Jana jioni nimepitia faili la watalii wa Watamu, lile la madai ya bima, nikakuta mama wa Kitaliano anaulizwa alifika hotelini saa ngapi, anajibu "Mah, saranno state le tre", na dogo mmoja (sikutaji, unajijua) kaandika "Mh, zitakuwa zimekuwa saa tatu". Jamani. Mtu anaeleza safari ya mwezi uliopita, wewe unampeleka mbele halafu unamrudisha nyuma kwenye sentensi moja, na juu ya hapo le tre ya mchana umeifanya saa tatu badala ya saa tisa. Huyo mama alikuwa anasema tu "ilikuwa kama saa tisa hivi".

Siwacheki sana kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya mabaya zaidi, na nitasimulia. Lakini hebu tupange kwanza.

1. Ukikuta futuro, kabla hujagusa kibodi jiulize huyu anatabiri ama anakisia. Dawa yake ni rahisi: toa futuro, weka probabilmente na wakati wa kawaida, uone kama maana inabaki pale pale. "Avrà trent'anni" inakuwa "probabilmente ha trent'anni", inakaa vizuri, basi ni kukisia: ana kama miaka thelathini hivi. "Domani partirà" ukiifanyia hivyo bado inaongelea kesho, basi ni wakati ujao wa kweli. Na mkumbuke Mtaliano akiongea mambo ya kesho mara nyingi hata futuro hatumii, anasema "domani vado a Mombasa" na maisha yanaendelea. Kwa hiyo kwenye mazungumzo futuro ikitokea bila domani, bila tra poco, bila kitu chochote cha mbele, shtuka.

2. Angalieni kitenzi. Essere, avere, sapere, stare vinapenda sana kukisia. Kitu kama arrivare hapana: "arriverà" ukiisikia peke yake ni kwamba atafika, ila "starà arrivando" ni atakuwa yuko njiani, na "sarà arrivato" ni atakuwa ameshafika. Hizo tatu mziweke kichwani kama vitu tofauti, nimechoka kuzikuta zote zimeandikwa "atafika".

3. Sasa hii ndiyo yenye kovu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa natafsiria kampuni moja ya kutunza nyumba za Wataliano huku Malindi, kazi yenyewe ni meseji tu, signora anatuma sauti kwa Watsapu, mimi nawaandikia wasimamizi kwa Kiswahili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshagombezwa kwa kutafsiri futuro anteriore kama mambo ya mbele, na jamaa mmoja mkongwe akanipa kanuni ya mkato: "Avrà fatto ni alifanya, wewe weka wakati uliopita, songa mbele." Nikaishika kama msahafu. Kumbe alinipa nusu.

Siku hiyo zimepotea shilingi 18,000 za dizeli ya jenereta. Msimamizi anauliza bahasha iko wapi, namwuliza signora, anajibu kwa sauti, nyuma mbwa anabweka: "La busta era sul frigo, l'avrà presa il giardiniere, doveva andare a comprare il gasolio." Mimi kwa haraka zangu, na kanuni yangu ya mkato, nikaandika: "Signora anasema bahasha ilikuwa juu ya friji na mzee wa bustani aliichukua." Kile kipande cha dizeli nikakiacha, nikaona kirefu.

Mzee akaitwa. Akasema hajaiona bahasha yoyote, na alikuwa anasema kweli, kwa sababu hakuna aliyempa habari kwamba siku hiyo ndiye wa kwenda kununua dizeli. Lakini tayari kuna meseji, imeandikwa, signora "ameona". Neno la mwenye nyumba na neno la mtunza bustani, mnajua lipi lina uzito. Akarudishwa nyumbani siku tatu bila mshahara, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo na ofisi nzima, akaondoka na baiskeli yake bila kuongea na mtu.

Siku ya nne mama wa usafi kavuta friji apige deki, bahasha hiyo hapo nyuma imejaa vumbi, pesa zote zipo. Msimamizi akampigia signora kuomba radhi kwa kuchelewa kulijua, mimi katikati natafsiri, signora akanyamaza kidogo halafu akasema "Ma io non ho mica detto che l'ha presa lui!" Sikusema kamwe kwamba ameichukua yeye. Nikarudia ile sauti mara nne. L'avrà presa. Sio l'ha presa. Alichosema ni "mzee wa bustani atakuwa ameichukua, si alikuwa aende kununua dizeli", yaani anakisia, tena kwa nia njema kabisa, mimi nikamgeuza shahidi.

Mzee alilipwa siku zake na kazini akarudi. Nilienda kumwomba msamaha, akaniambia "haya mwanangu". Ila mpaka naacha kazi pale, kila nikimpelekea ujumbe alikuwa ananiuliza, "Kasema yeye, ama umesema wewe?"

4. Kiswahili kimetupa zawadi hapa na hamuitumii. "Atakuwa ameichukua", "atakuwa amelala", "watakuwa wanakula", si tunasema kila siku? Inakaa juu ya avrà preso, starà dormendo karibu neno kwa neno. Shida ni kwenye karatasi, maana "atakuwa amefika" inaweza pia kusomeka kama mambo ya Ijumaa ijayo, hivyo kwenye ripoti ya polisi, ya bima au ya daktari andika "nadhani ameichukua" au "labda ameichukua". Usipande mpaka "lazima ameichukua", hiyo ni "deve averla presa", mtu ana sababu mkononi. Na "inasemekana ameichukua" ni "l'avrebbe presa", ile ya magazeti, habari ya kusikia kwa wengine. Avrà, deve, avrebbe: msizichanganye, kuna watu wanarudishwa nyumbani.

5. Maswali. "Dove avrò messo gli occhiali?" hakuulizi wewe, anajiuliza: hivi miwani niliiweka wapi. Neno "hivi" linatosha, au "sijui".

6. "Sarà anche bravo, ma..." hapa hata hakisii, anakubali kwa shingo upande: sawa, hodari ni hodari, lakini... Na akikujibu "Sarà" peke yake, basi hajaamini ulichosema, andika "Mh, haya."

Lile faili la Watamu lirudi mezani kwangu kesho saa tatu asubuhi. Saa tatu yetu, yaani le nove.