Jibu: Mstari unaoanguka hadi sifuri pasipo na vipimo

"Grafu yangu ya kina cha mto kwenye Excel inashuka hadi 0 siku ambazo hatukupima. Nikate mstari au nijaze?"

Habari ndugu. Kwanza bofya seli moja inayoonekana tupu uone kama ina fomula. Nadhani utakuta hii:

```
=IF(B2="","",B2)
```

Alama `""` ni maandishi matupu, na grafu ya mstari huyachora kama 0. Mto haukukauka! Weka hii badala yake:

```
=IF(B2="",NA(),B2)
```

Kisha bofya kulia kwenye grafu, Select Data, Hidden and Empty Cells, chagua Gaps na utie tiki Show #N/A as empty cell. Matoleo ya zamani hayana tiki hiyo, nayo huunganisha mstari juu ya pengo. Huko futa kabisa fomula kwenye seli husika.

Washa pia Markers. Kipimo kilichobaki peke yake kati ya mapengo mawili hakina jirani wa kuungana naye, kwa hiyo bila nukta hakionekani kabisa.

Kujaza nakubali kwa siku moja tu, wakati wa kiangazi. Tarehe 11 ni mita 1.8, tarehe 13 ni 2.2, basi 12 ni 2.0. Iweke kwenye safu ya pili yenye mstari wa vitone, na urudie humo thamani za 11 na 13, la sivyo kipande hicho hakitagusa mstari mkuu. Masika acha pengo wazi: mafuriko huweza kupanda na kushuka ndani ya siku hizo ulizokosa.