Kufuta PS4 kabla ya kuiuza

"Nauza PS4 yangu kesho, nikifuta magemu inatosha?"

Haitoshi ndugu, akaunti yako bado imo. Kwanza nakili sevu zako kwenye flashi, maana zikifutwa hazirudi. Kisha ingia Settings, Account Management, Activate as Your Primary PS4, ubonyeze Deactivate. Mwisho nenda Initialization, Initialize PS4.

Hapo utachagua kati ya Quick na Full. Wapo wanaosema uchague Quick, nao wako sahihi nusu: inaisha haraka, lakini mjuzi mwenye programu maalumu anaweza kufufua data. Chagua Full. Inakula saa kadhaa, kwa hiyo ianze leo usiku, na umeme usikatike katikati. Ikiwaka upya ikakuomba uunganishe padi kwa waya na kuchagua lugha, imekuwa tupu. Iache hapohapo, usiingie tena.