Tanbihi za mwisho au viungo kwenye muhtasari wa sera?

"Wasomaji wangu ni madiwani, si wasomi. Niweke viungo tu, au tanbihi za mwisho?"

Weka tanbihi za mwisho, na kiungo kikae ndani ya tanbihi. Diwani akichapisha nakala, kiungo kilichofichwa chini ya neno hubaki mstari wa buluu tu, na chanzo kimepotea.

Chukua sentensi hii: "Watu Tanzania waliongezeka kwa asilimia 37 kati ya 2012 na 2022.¹" Ukielekeza kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, msomaji hataiona hiyo 37 kirahisi, maana umeikokotoa mwenyewe. Tanbihi ioneshe hesabu: Sensa ya 2012, watu 44,928,923; Sensa ya 2022, watu 61,741,120; ongezeko 16,812,197, gawanya kwa idadi ya 2012. Kisha taja jina la ripoti, ukurasa na tarehe uliyoifungua. Kwa PDF, ongeza `#page=` na namba ya ukurasa mwishoni mwa anwani. Vivinjari vingi hufungukia hapo hapo. Hifadhi nakala kwenye web.archive.org, uweke na anwani hiyo, kwa kuwa tovuti za serikali huhamisha mafaili.

Namba ya tanbihi ikae mara tu baada ya dai. Ikikaa mwisho wa aya yenye madai matatu, hakuna atakayejua inathibitisha lipi.