Umeuza hisa baada ya miaka mitano: faida yako halisi ni asilimia ngapi?

Rafiki yangu aliuza hisa zake akaniambia zimempa asilimia 10 kwa mwaka, kodi ikiwa imeshatolewa. Nilimwomba anionyeshe hesabu, si kwa kumtilia shaka, bali kwa sababu asilimia ya kwa mwaka ni tarakimu inayopotosha watu kirahisi. Hesabu nitakayoitumia hapa nimeirahisisha, lakini mwenendo wake ni ule ule.

Tuseme alinunua kwa 1,000, kamisheni ya dalali ikiwemo. Kila mwisho wa mwaka, kwa miaka mitano, alipata gawio la 40. Mwisho wa mwaka wa tano aliuza kwa 1,400, kamisheni ikiwa imekatwa. Kodi ya gawio tuifanye asilimia 10, na ya ongezeko la mtaji asilimia 20. Kwako viwango vitakuwa vingine, na zipo nchi zisizotoza ongezeko la mtaji kabisa, kwa hiyo weka vya kwenu.

Gawio likishakatwa kodi ya zuio linabaki 36. Mauzo yamezidi gharama kwa 400, kodi yake ni 80, kwa hiyo mkononi inabaki 1,320. Jumla ya faida ni 320 za ongezeko na 180 za magawio, yaani 500. Rafiki yangu aligawa 500 kwa 1,000 akapata asilimia 50, akagawa tena kwa miaka mitano. Hapo ndipo ile 10 ilipotoka.

Kasoro ni kwamba hesabu hiyo haijali pesa ilifika lini. Ile 320 ilikaa imefungwa miaka yote mitano, ilhali 36 ya kwanza aliipata mapema. Kinachotakiwa ni kiwango kimoja cha mwaka ambacho, ukipunguza nacho thamani ya kila malipo kwa kila mwaka uliopita tangu siku ya kununua, jumla inakuwa 1,000 kamili. Kwa kichwa ni kazi ngumu, lakini jedwali la kompyuta linaifanya mara moja. Andika pesa iliyotoka na iliyoingia, mwaka mmoja kwa kila mstari:

```
A1  -1000
A2     36
A3     36
A4     36
A5     36
A6   1356
=IRR(A1:A6)
```

Mstari wa mwisho ni 1,320 pamoja na gawio la mwaka wa tano. Jibu ni karibu asilimia 8.95. Ukirudia bila kodi yoyote, yaani 40 kila mwaka na 1,440 mwishoni, unapata karibu 10.5. Kwa hiyo kodi zote mbili zimekula kama asilimia moja na nusu kwa mwaka. Ikiwa magawio yako hayakuja kwa vipindi sawa, tumia `XIRR` na uweke tarehe halisi za malipo.

Kodi ya ongezeko la mtaji, kwa kawaida, inasubiri hadi uuze, na kusubiri huko ni faida. Chukua 1,000 inayokua kwa asilimia 7 kwa mwaka, bila gawio. Ingekuwa unakatwa asilimia 20 ya ukuaji kila mwaka, baada ya miaka 20 ungekuwa na kama 2,974. Ukikatwa mara moja tu mwishoni, unabaki na kama 3,296. Kwa miaka mitano tofauti ni ndogo, kama 1,313 kwa 1,322, kwa hiyo mimi singeacha kuuza hisa mbovu kwa ajili yake.

Jambo ninalolikagua kwanza mtu akiniletea karatasi zake ni magawio yaliyorudishwa kununua hisa zaidi. Tuseme rafiki yangu aliyarudisha yale manne ya mwanzo, jumla 144. Pesa hiyo ilishalipiwa kodi ya gawio, na sasa ni sehemu ya bei ya kununulia. Gharama yake si 1,000 tena bali 1,144. Akijaza 1,000 kwenye fomu ya kodi, zile 144 zinahesabiwa kuwa faida, na anatozwa karibu 29 zaidi juu ya pesa iliyokwisha kutozwa. Gawio zima la mwaka mmoja, baada ya kodi, lilikuwa 36.

Kulitambua si vigumu. Fungua taarifa ya dalali uangalie idadi ya hisa ulizouza. Ikiwa ni nyingi kuliko ulizonunua mwanzoni, na hazikutokana na kugawanywa kwa hisa wala hisa za bure, basi zile za ziada zilinunuliwa kwa magawio, na kila ununuzi una tarehe na bei yake. Jumlisha yote uyaongeze kwenye gharama kabla ya kujaza fomu. Dalali akibadilika katikati ya miaka hiyo, omba taarifa za zamani kabla hujafunga akaunti, maana yule mpya mara nyingi ataonyesha idadi ya hisa bila bei uliyonunulia.